Hesabu mihula iliyobaki, si iliyopita

*Swali la wiki: "Niko mwaka wa pili chuoni na kozi imenitoka moyoni kabisa. Niendelee tu kwa kuwa nimeshafika nusu, au nihamie nyingine?"*

Nilikuwa hapo ulipo, ndugu yangu. Nilikuwa nimemaliza mihula mitatu ya uhandisi wa ujenzi nilipoamua kuhamia takwimu. Rafiki niliyeishi naye chumba kimoja alikuwa kwenye kozi ileile na alisema maneno yaleyale, "sina hamu nayo tena." Yeye alibaki, na alifanya vizuri kubaki. Kwa hiyo nianze na tofauti yetu.

Siku moja tulifungua madaftari yetu. La kwake la statika lilikuwa limejaa mpaka wiki ya tano, wiki aliyopata alama mbaya kwenye jaribio. Baada ya hapo kurasa zilikuwa tupu. Madaftari yake ya masomo mengine yalikuwa kamili, tena yana michoro mizuri. Yule hakuwa amechoka na uhandisi, alikuwa ameumizwa na somo moja, na uchungu wa somo hilo ukamwagikia kozi nzima. Alifanya sapu, akapita, na muhula uliofuata masomo ya maji yakamrudisha kwenye mstari.

Mimi nilikuwa nafaulu. Hicho ndicho kilichonisumbua, kwamba alama zilikuwa nzuri na bado sikutaka kujua zaidi. Nakumbuka maabara ya zege: tulitengeneza michemraba mitatu ya milimita 150, tukaiweka majini kwa siku 28, kisha tukaipasua kwenye mashine. Mchanganyiko ulikuwa mmoja na siku ilikuwa moja, lakini mashine ilitoa namba tatu tofauti. Wenzangu waliandika wastani wakaondoka. Mimi nilibaki nikiuliza namba zile zimetofautiana kwa nini, na je, michemraba mitatu inatosha kumwambia mtu jengo zima lina nguvu gani? Zege lenyewe halikunihusu.

Kwa hiyo chukua madaftari yako utafute mahali hamu ilipokatika. Ikiwa ilikatika kwenye somo moja, baada ya kufeli au kugombana na mwalimu, usihame bado. Jua pia kwamba kozi nyingi hurundika nadharia katika mwaka wa pili, kazi zenyewe zikaanza wa tatu. Omba uingie kipindi cha mwaka wa tatu au wa nne wa kozi yako usikilize. Ukitoka ukiwa mkavu vilevile, unalo jibu zito kuliko huzuni ya wiki moja.

Kozi unayoitamani nayo ijaribu kwa upande wake mgumu. Mimi niliomba ruhusa kukaa nyuma kwenye darasa la takwimu na nikachukua zoezi moja la kuthibitisha kanuni, kurasa mbili za alama tupu bila mfano hata mmoja. Lilinitesa jioni mbili. Jioni ya tatu nililirudia bila kusukumwa na mtu.

Sasa hilo la "nimeshafika nusu." Mwaka 1985 watafiti wawili, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha jaribio la tiketi za msimu mzima wa maonyesho ya jukwaani. Wanunuzi wengine walilipa bei kamili, wengine wakapunguziwa bila kutarajia. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi. Fedha ilikuwa imeshatoka kwa wote, lakini iliendelea kuwaburuta waliotoa zaidi. Mihula uliyomaliza ni fedha ya namna hiyo, imetoka ukibaki na imetoka ukihama. Linganisha iliyobaki huku na itakayobaki kule.

Hapa wengi hukosea hesabu, na mimi nilikosea. Uhandisi ulikuwa na mihula minane, kwa hiyo nilibakiwa na mitano. Takwimu ilikuwa na mihula sita, masomo 36. Nilikuwa nimefaulu masomo 18, na tisa kati yake yalifanana na ya kule: manne ya hisabati, mawili ya fizikia ambayo yangehesabiwa kama ya hiari, kompyuta, stadi za mawasiliano na uchumi. La uchumi lilikataliwa kwa sababu nilipata D. Idara ilipokea kuanzia C tu, na vyuo vingi vina sharti la namna hiyo. Yakabaki manane. Nikatoa: 36 kuondoa 8 ni 28, na kwa masomo sita kila muhula ni mihula mitano. Nikafurahi, nikaona nitamaliza wakati uleule na wenzangu.

Mwalimu mmoja wa idara ile alichukua penseli akanichorea mstari. Nadharia ya uwezekano sehemu ya kwanza, kisha sehemu ya pili, kisha makisio, kisha regresheni, kisha mradi wa mihula miwili. Kila moja ni somo tangulizi la linalofuata, huwezi kuyasoma mawili pamoja. Huo ni mnyororo wa mihula sita. Tena la kwanza lilifundishwa muhula wa kwanza wa mwaka tu, na mimi nilikuwa naingia muhula wa pili. Ningesubiri mmoja, halafu sita. Saba, si mitano. Idadi ya masomo haikuwa imenidanganya, ila muda wa kumaliza hupangwa na mnyororo mrefu kuliko yote, hata kama masomo mengine yote umeshasamehewa.

Kwa hiyo swali langu la kweli lilikuwa hili: je, takwimu inastahili mihula miwili zaidi? Nikasema ndiyo. Kama ningebakiwa na mihula miwili tu kule uhandisini, ningemaliza, kisha nitafute shahada ya uzamili inayopokea wenye hisabati ya kutosha. Zipo, na njia hiyo mara nyingi ni fupi kuliko kuanza chini. Anayekulipia naye mwulize mapema, kwa maandishi, kama ufadhili umefungwa kwenye kozi au kwenye idadi ya miaka. Kuna watu waliohama vizuri wakakwama mwaka wa mwisho kwa ajili ya hilo.

Jambo linaloniuma kila nikilikumbuka ni wale wanaoamua moyoni kuhama, wakaacha kuingia darasani. Gredi za muhula huo hubaki kwenye matokeo yao, na ndiyo karatasi ya kwanza ambayo idara mpya itaisoma. Ukidisko huku, huna tena unachohamisha. Mimi ule muhula wa kusubiri niliusoma uhandisini kwa bidii, nikachagua masomo ambayo takwimu iliyakubali kama ya hiari, na orodha hiyo nikaipeleka kwa mkuu wa idara aisaini kabla sijajisajili. Barua ya kupokelewa ilipofika, na masomo niliyosamehewa yameandikwa moja moja kwa namba zake, ndipo nilipoandika ya kuondoka.