Uhakiki wa ripoti ya kisima: ukurasa wa 14 uliufikia?

Uhakiki wangu wa kwanza ulinitia aibu. Jarida la wataalamu wa maji lilinipa ripoti ya kisima kirefu kilichochimbwa wilayani Bahi. Nikaandika kwamba "ripoti inadai kisima kina uwezo wa lita 10,000 kwa saa", kisha nikamaliza aya tatu nikionyesha kwamba kwa ukame wa Dodoma hilo haliwezekani. Aliyeiandika akanipigia simu. Hakugomba, aliuliza tu: "Ndugu yangu, ukurasa wa 14 uliufikia?" Huko alikuwa ameeleza kwamba lita 10,000 ni kasi ya kupampu wakati wa jaribio la saa 24. Kwa matumizi ya kila siku alipendekeza lita 6,000 kwa saa, tena kwa saa 10 tu.

Siku hizi, kabla ya neno lolote la maoni, naeleza mwandishi aliulizwa nini, alipima vipi, alipata nini, na aliweka mipaka gani mwenyewe. Hiyo mipaka ndiyo wahakiki wapya wengi huiacha, na bila hiyo 10,000 ya jaribio inageuka ahadi. Chungeni pia vitenzi. Aliyekadiria, semeni amekadiria. "Anadai" tayari ni hukumu iliyojipenyeza kwenye muhtasari.

Ajabu ni kwamba nilipoisoma upya ripoti ile kwa haki, niliona kasoro kubwa kuliko ile niliyoizua. Jaribio lilifanyika Aprili, mvua zikiishia, wakati maji ya ardhini huwa yamepanda. Jedwali lilionyesha usawa wa maji kisimani ulikuwa bado unashuka pampu ilipozimwa, na baada ya hapo maji yalipimwa yakirudi kwa saa 2 tu. Halafu kuna tabia ya ardhi yetu: kumbukumbu za miaka mingi za visima vya Makutupora, vinavyolisha jiji la Dodoma, zinaonyesha maji hurudi ardhini zaidi katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ya El Niño ya 1997/98, si kila mwaka. Kwa hiyo lita 6,000 hazijathibitishwa kwa Novemba. Sikuwa na haki ya kuandika kwamba kisima kitakauka. Ningeweza kusema ushahidi uliopo hautoshi, na kwamba kina cha maji kipimwe tena mwishoni mwa kiangazi.

Ripoti haikugusa floridi, tatizo linalojulikana katika visima vingi vya kanda ya kati. Lakini mwandishi aliagizwa kupima wingi wa maji, si ubora wake. Hilo linatosha sentensi moja ya kumtahadharisha msomaji, bila kumlaumu mwandishi.

Sasa muhtasari wangu huusoma kwanza mwenzangu wa ofisini, bila sehemu ya maoni. Akiweza kubashiri kwamba nitaiponda ripoti, ananirudishia nikauandike upya.