Saa yako inauzwa bei gani kweli?

Natoza 25,000 kwa saa, na mwaka jana niliingiza milioni 24. Mbona sizioni? Kazini nashinda kama saa 34 kwa wiki. (Mtafsiri, Tabata)

Milioni 24 gawa kwa 25,000: mwaka mzima uliuza saa 960 tu. Ukitoa wiki 4 za sikukuu na kuugua, zinabaki wiki 48, yaani saa 20 za kulipwa kila wiki. Zile 14 nyingine hakuna aliyezilipa, ila umezifanya. Jumla ni saa 1,632.

Sasa toa gharama. Kwa orodha uliyonitumia, bando ni 1,200,000, umeme na vocha 600,000, programu na matengenezo milioni 1. Kompyuta ya 2,400,000 itakaa miaka 3, kwa hiyo mwaka huu hesabu 800,000. Zote 3,600,000. Unabaki na 20,400,000, ambayo ukiigawa kwa saa 1,632 unapata 12,500. Nusu kamili ya bei unayoitaja kwa wateja, tena kabla ya kodi ya mapato.

Saa gani niziandike? Hata kujibu WhatsApp?

Andika lolote ambalo usingelifanya kama usingekuwa na biashara hii: makadirio ya bei, ankara, simu za "boss, ile hela vipi", marekebisho ya bure, foleni ya kwenda kwa mteja. Kuperuzi hakumo, hata kama ulikaa mezani. Usikadirie kwa kichwa. Mimi niliamini nafuatilia malipo saa moja kwa wiki, daftari likanionyesha nne. Andika palepale kwa mwezi mzima, na mbele ya kila saa weka jina la mteja.

Jina ndilo litakalokuonyesha nani anakula muda wako. Kazi ya 300,000 iliyochukua saa 10 za kutafsiri inavutia. Ongeza saa 5 za safari, 6 za marekebisho na 3 za kudai: saa 24, kila moja 12,500. Yule wa 220,000 anayetuma faili, anapokea na kulipa, kwa saa 10 na moja ya ankara, anakupa 20,000.

Mteja amenikata kodi ya zuio asilimia 5. Niingize kiasi gani?

Kiasi kamili cha ankara. Hiyo ni kodi uliyotanguliza, si gharama. Dai cheti chake, kwa sababu bila hicho utahangaika kuonyesha kwamba ulishakatwa.

Nikitaka kubaki na 15,000 kwa saa, nipandishe bei hadi ngapi? (Yuleyule wa Tabata)

15,000 mara 1,632, jumlisha 3,600,000, gawa kwa 960: utoze 29,250, na wateja wasipungue. Hapo ndipo penye shaka. Mimi ningeanza na zile saa 14. Zikishuka hadi 8 kwa wiki, mwaka unakuwa wa saa 1,344, na 20,400,000 ileile inakupa 15,178. Taja kwenye makadirio kwamba marekebisho ya bure ni mara moja, na uchukue nusu ya malipo kabla hujafungua faili.