Deni kubwa, namba ndogo: nani kakosea?

"Mwalimu shikamoo. Niko Ngamiani, Tanga. Mwanangu wa darasa la sita kaandika -18 ni kubwa kuliko -5, kakoseshwa. Mie naona yuko sawa, kwani deni la 18 si kubwa kuliko la 5? Kiswahili gani hiki cha kubwa kuitwa ndogo?"

Marahaba. Mtoto kakosa kweli, ila kwenye deni wewe umesema sawa kabisa, na hapo ndo pana utamu. Ukishatamka "deni" ile hasi imo humohumo, kilichobaki ni kupima deni lenyewe lina ukubwa gani, ndo maana hakuna anayesema deni la -18. Namba yenye hasi haipimi deni, inapima salio.

Tuseme unadaiwa 2,000 gengeni, shoga ako anadaiwa 7,000, na wote hamna kitu mkononi. Salio lako -2,000, lake -7,000. Akatokea mtu akawapa kila mmoja 7,000 mkalipe, basi wewe unalipa unabaki na 5,000 unapitia samaki, yeye analipa anabaki na sifuri. Mmepewa sawasawa na bado umemzidi 5,000, maana yake hata kabla ya kupewa ulikuwa umeshamzidi hizohizo 5,000. Basi -2,000 ndo kubwa. Akiuliza nani ana deni kubwa ni shoga ako, akiuliza nani ana salio kubwa ni wewe, maswali mawili hayo.

Joto nalo hivyohivyo. Sie Tanga sifuri tunaikuta kwenye friza tu (huku ikifika 20 watu washatafuta masweta). Friza la samaki likiwa zima linasoma -18, umeme ukikatika usiku asubuhi ukakuta -5, joto limepanda au limeshuka? Limepanda nyuzi 13, sasa kitu kipande halafu kiwe kidogo, haiwezekani. Kilichopungua ni baridi, na baridi ni kama deni, inahesabiwa kushuka chini, joto na salio vinahesabiwa kwenda juu. Ndo maana pia "nyuzi -5 chini ya sifuri" ni kosa, hasi umeitaja mara mbili, sema nyuzi 5 chini ya sifuri au nyuzi hasi 5.

Ila usimkaririshe "kwenye hasi kubwa ndo ndogo", atakuja kupewa -18, 3, 0 na -5 aanze kugeuza mpaka zile zisizo na hasi, 3 ajikute kaiweka chini ya 0. Mwambie kabla ya kila namba aweke neno "salio", apange kuanzia aliye na hali mbaya: -18, -5, 0, 3. Akimaliza arudie kwa "joto", mpangilio ukitoka tofauti ujue kuna sehemu kapima baridi.