Chukua samaki unayemtaka

"Mama, miaka kumi nilikuwa na mtu mmoja. Sasa nataka kujiandikisha kwenye mtandao wa wachumba, lakini kila nikiandika nafuta. Niandike nini nionekane wa maana?"

Mwanangu,

Hilo la kuonekana tuliweke pembeni kwanza. Baba yenu alipoondoka, nilishuka sokoni Lindi kununua samaki. Muuzaji akauliza, "Mama, nikupe yupi?" Nikajibu, "Changu hapana, mwenyewe hampendi." Mwenyewe nani, na ameshahama? Hadi leo linanichoma. Najua anachokula yeye, ninachokipenda mimi sikijui! Nikachukua changu mkubwa, nikamkaanga, nikamla mpaka kichwa. Alikuwa mtamu, jamani.

Ulichonitumia ni sifa tupu: mpole, mcheshi, mcha Mungu, sitaki waongo. Sifa hazina pa kushika. Mcheshi kila mtu anajiita, na huyo anayesoma kuhusu waongo anamwona yule wa zamani kabla hajakuona wewe. Nilifikiri labda miaka kumi uitaje, maana kuficha nako ni uongo. Halafu nikasema hapana, wasifu si baraza la usuluhishi. Ukiulizwa, jibu kweli. Mtoto mtaje mapema, asije akamshtua mtu baadaye, ila picha yake usiweke.

Jirekodi kwenye simu ukiongea kama unavyoongea na shangazi yako, kisha uandike ulichosikia. Mimi ningeandika hivi:

"Nipo Mtwara, nafundisha, nina binti mmoja. Jumamosi nashuka Mikindani kutafuta pweza. Natafuta mwanaume wa kufunga naye ndoa, si wa kuchati tu. Wewe pweza unampenda wa nazi au wa kuchoma?"

Umeona? Hapo mtu ana la kujibu. Akikuandikia "mambo" peke yake, ujue hakusoma.

Picha weka ya uso, ya mwaka huu, mchana, bila miwani ya jua, na nyingine ya mwili mzima. Ile ya harusi ya Masasi iondoe. Yule wa zamani umemkata, lakini vidole vyake vinne bado vipo begani kwako, hata mimi nisiye na miwani naviona.

Shule unayofundisha usiitaje, wala namba ya simu. Umbali wa kutafuta ukiuacha kilomita chache, Mtwara utaletewa wazazi wa wanafunzi wako. Upanue ufike hata huku Lindi. Na anayekuita mke wangu siku ya tatu, kisha akaomba nauli, mfungie.

Kama ni mapema au la, hukuniuliza. Ningekuwa na neno, tena refu, kuhusu mtu ambaye bado anafua mashuka ya mwenzake. Lakini hukuniuliza. Nitumie hiyo picha mpya kabla hujaiweka, nguo ya kijani usivae.

Mama yako