Kitufe cha picha kipo, lakini picha haisomwi

*"Habari za kazi, mhandisi. Ninatunza hesabu za stoo ya dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Kwenye kompyuta ya ofisi, yenye kumbukumbu ya GB 8, niliweka Ollama ya kuendesha modeli za akili bandia na Open WebUI ya kuongea nazo, nikachagua gemma3:1b kwa kuwa ni nyepesi. Kitufe cha kupakia picha kipo, na picha ya karatasi ya mzani inaonekana vizuri kwenye mazungumzo. Ila nikiuliza jumla ya magunia ya dagaa, napewa namba ambazo hazimo kwenye karatasi. Mwenzangu wa Igombe anatumia gemma3 hiyo hiyo na kwake inasoma. Kosa liko wapi?"*

Habari ni njema, ndugu yangu. Kosa limejificha katika ile 1b uliyoiandika baada ya nukta mbili. Jina gemma3 ni la ukoo mzima wa modeli ambao Google iliutoa Machi 2025, na wanaukoo hao hawana uwezo sawa. Ile ya 1b inasoma maandishi peke yake, ilhali ya 4b, ya 12b na ya 27b zimeundwa pamoja na sehemu ya ziada inayogeuza picha kuwa kitu ambacho modeli inaweza kukifanyia kazi. Mwenzako wa Igombe huenda aliandika gemma3 bila kuongeza kitu, na Ollama humpa 4b mtu asiyetaja ukubwa. Ndiyo maana ninyi wawili mnataja jina moja huku mkitumia vitu viwili tofauti.

Kitufe unachokiona si cha modeli. Ni cha Open WebUI, ambayo kazi yake ni kupokea ulichoandika au kupakia, kukipeleka kwa Ollama, kisha kukuonyesha jibu. Picha huonekana kwenye mazungumzo kwa sababu Open WebUI yenyewe imeipokea na kuichora kwenye kioo. Hilo halithibitishi hata kidogo kwamba modeli imeipata. Katika mipangilio ya kila modeli kuna kisanduku kilichoandikwa Vision, na kwa kawaida huwa kimewekewa tiki tangu mwanzo, iwe modeli inaona au haioni. Programu hufuata tiki hiyo. Picha inapofika mbele ya modeli isiyoona, matoleo mengine ya Ollama huikataa kwa ujumbe wa kosa, na mengine huiacha kimya kimya na kupeleka maandishi tu.

Kukaa kimya huko ndiko kunakoumiza watu wa hesabu. Modeli ilibaki na swali lako lenye maneno "jumla", "magunia" na "dagaa", ikatunga jibu linalofanana na majibu ya maswali ya namna hiyo. Neno dagaa lilikuwa lako mwenyewe. Kwa hiyo jibu kutaja bidhaa sahihi usilichukue kuwa dalili ya kwamba karatasi imesomwa.

Anza kwa kuiuliza Ollama yenyewe. Fungua dirisha la amri, uandike:

```
ollama show gemma3:1b
ollama show gemma3:4b
```

Amri ya pili itafanya kazi baada ya kuipakua modeli hiyo. Tazama sehemu iliyoandikwa Capabilities. Kwa modeli inayoona utakuta neno `vision` chini ya `completion`. Kwa ile ya 1b neno hilo halimo. Usipolikuta, hakuna mpangilio wa Open WebUI utakaoipa modeli macho, na ni afadhali uondoe tiki ya Vision kwenye modeli hiyo ili programu ikuambie wazi kwamba haipokei picha.

Kisha fanya jaribio ambalo halikisiki. Chukua karatasi tupu, andika kwa kalamu ya wino mzito namba isiyo na maana yoyote, tuseme 4718, uipige picha na kuihifadhi kwa jina `p1.jpg`. Jina lisiwe na maelezo, kwa sababu modeli isiyoona ikitumiwa kwenye dirisha la amri huletewa njia ya faili kama maandishi ya kawaida, na faili lililoitwa `dagaa_magunia_40.jpg` litakuwa limeshaivujishia jibu. Andika:

```
ollama run gemma3:4b --verbose
>>> Soma namba iliyoandikwa hapa ./p1.jpg
```

Kwa modeli inayoona, Ollama itatanguliza mstari wa `Added image`, kisha modeli itataja 4718. Chini ya jibu utaona `prompt eval count`, yaani idadi ya tokeni, vile vipande vidogo ambavyo modeli husoma. Funga, anza upya, uliza swali lile lile bila picha, na ulinganishe. Gemma 3 huipa kila picha tokeni 256, kwa hiyo picha ikiingia idadi hupanda kwa takriban 260. Ikipanda kwa kumi au ishirini tu, kilichoingia ni jina la faili.

Kuhamia 4b kunahitaji kupakua takriban GB 3.3, na najua bando la kiasi hicho si jambo dogo. Kwa kuwa mwenzako anayo tayari, mwombe anakili folda yote ya `models` iliyomo ndani ya `.ollama` kwenye flashi, nawe uiweke mahali pale pale kwenye kompyuta yako. Kwa GB 8 itafanya kazi, ila polepole. Funga vichupo vya kivinjari usivyovihitaji kabla ya kuanza.

Hata hapo, usitume karatasi nzima ya mzani kwa mkupuo mmoja. Gemma 3 huibana kila picha iwe na vitone 896 kwa 896 kabla ya kuitazama, hata kama simu yako iliipiga kwa vitone 4000 kwa 3000. Chukulia karatasi yenye mistari 40 iliyojaa juu hadi chini: kila mstari unabaki na vitone 22 hivi vya urefu. Zile tokeni 256 ni gridi ya 16 kwa 16, na kila moja inabeba eneo la vitone 56 kwa 56, kwa maana kwamba mistari miwili na nusu ya mwandiko wa kalamu inashindiliwa katika kipande kimoja. Hapo 1 na 7 hazitofautiki, na modeli hurudi kwenye kukisia, safari hii kwa namba zinazokaribia ukweli, ambazo ni ngumu zaidi kuzigundua. Ukiikata picha kwa mistari minane minane, kila mstari unapata vitone 112, sawa na kimo cha tokeni mbili. Karatasi moja itakuwa picha tano.

Iombe iandike uzito wa kila gunia kama ulivyo, mstari kwa mstari, bila kujumlisha, kwa sababu modeli ndogo hukosea kujumlisha hata iliposoma sawasawa. Hesabu mistari iliyorudi. Ikiwa saba badala ya minane, kuna gunia limerukwa, na kipande hicho kipigwe picha upya kwa ukaribu. Jumla yenyewe ifanye kwenye lahajedwali, kisha uilinganishe na ile aliyoiandika mpima mzani chini ya karatasi.