Jibu: Maneno ya video ya miaka 40 ya ndoa ya wazee

"Tupo wanne, tunataka kusimulia video ya miaka 40 ya ndoa ya baba na mama. Tugawane vipi maneno isije ikawa risala?"

Msigawane miaka, gawaneni mlichokiona. Sisi huku Wete, kwa video ya wazee wetu, tulianza na miaka: kaka mkubwa akapewa harusi, na wakati huo hata hajazaliwa, ikasikika kama wasifu wa marehemu. Tukafuta. Kila mmoja akaleta jambo moja aliloliona kwa macho yake. Dada akasema: "Msimu wa karafuu baba huchelewa shamba. Mama hali mpaka amfungulie mlango. Sahani mbili, zimefunikwa kawa." Hayo hayazidi sekunde 15, picha mbili zinatosha. Harusi tuliwaachia wenyewe: tuliwarekodi wakibishana nani alichelewa siku ile, ndiyo ikawa mwanzo wa video.

Andikeni kama mnavyosema nyumbani, kisha msome kwa sauti mkipima kwa simu. Anayepita dakika moja apunguze.

Na zimeni feni mkirekodi, uvumi wake hauondoki vizuri. Mdogo wetu aliye Maskati alirekodi jikoni, sauti ikaja na mwangwi. Akarudia chumbani, kaegemeza godoro ukutani, ikatulia.