Kurudia sauti za sini iliyofunikwa na jenereta

*"Kaka, tumepiga sini ya dakika tatu soko la samaki, chini ya paa la mabati. Jenereta ya watu wa barafu imefunika maneno. Muigizaji mkuu yuko Tanga, anakuja Dar siku moja tu. Nipangeje kurudia sauti zake?"*

Kabla hujamtumia nauli, mdogo wangu, vaa hedfoni usikilize teki zote, hata mlizozitupa. Sikiliza maiki ya kifuani peke yake, kisha ya juu peke yake. Mara nyingi sentensi iliyoharibika kwenye teki ya tatu iko safi kwenye ya tano, na ukiisogeza kidogo inakaa mdomoni. Sauti iliyotoka palepale sokoni inashinda ya studio karibu kila mara. Zitakazobaki ndizo ziingie kwenye orodha.

Orodha itengeneze baada ya picha kufungwa, yaani uhariri wake umekwisha, maana mhariri akikata fremu kumi tu, alama zako zote zinazofuata zinahama. Kila mstari upe namba, jina la mhusika, muda wa kuanza na kuisha, maneno, na sababu ya kurudiwa. Kwenye maneno kuwa mkali: andika alichotamka, si kilichoko kwenye skripti. Niliwahi kuingia studio na skripti mkononi, tukapoteza asubuhi nzima tukishangaa kwa nini midomo haikubali. Tuseme skripti inasema "Mzee, uliniambia bei hii jana," lakini muigizaji wako, yule kijana, alisema "Mzee, bei hii si uliniambia wewe mwenyewe jana?" Andika hiyo ya pili, pamoja na pumzi aliyovuta kabla ya "wewe".

Sasa tuutie alama mstari huo. Kwa fremu 25 kwa sekunde, unaanza 01:04:12:08 na kuisha 01:04:14:20, yaani sekunde mbili na fremu 12. Weka milio mitatu mifupi, sekunde moja moja: 01:04:09:08, 01:04:10:08 na 01:04:11:08. Mlio wa nne haupo. Pale ambapo ungelia ndipo anapoanza kusema. Angalia hiyo "m" ya "Mzee": inasikika midomo ikiwa bado imefungwa. Ukiweka alama pale mdomo unapofunguka, umeshachelewa fremu kadhaa, na fremu moja ni milisekunde 40. Wakati wa kukagua, tazama herufi zinazofunga midomo, yaani m, b na p. Hizo zikikaa mahali pake, jicho linasamehe mengine.

Kwa kuwa una siku moja, panga mistari ya kawaida kwanza na ya kupayuka mwisho, koo lisije likaisha saa nne asubuhi. Mimi huhesabu mistari minane hadi kumi kwa saa.

Chumba cha kurekodia kiwe kikavu, kisirudishe sauti: magodoro ukutani, blanketi chini, feni imezimwa. Tumia maiki ileile ya sokoni na umbali uleule. Kama ilikuwa sentimita 60 juu ya kichwa, iwe hivyo. Muigizaji asimame, na kama alibeba ndoo ya samaki, mpe ndoo yenye uzito. Sokoni alikuwa akipaza sauti kuishinda jenereta, kwa hiyo mrushie kelele ileile kwenye hedfoni. Chumbani kimya atasema kwa upole, na ukiongeza sauti baadaye utapata mnong'ono mkubwa, si mtu anayepaza sauti.

Kulinganisha mahali ndiko kunakowashinda wengi. Paa la mabati na sakafu ya saruji vinarudisha sauti kwa namna yake. Rudi sokoni saa ambayo jenereta imezimwa na watu wametawanyika, weka spika moja pale aliposimama, icheze mistari uliyorekodi, uinase kwa maiki upande ilipokuwa kamera. Changanya kidogo kidogo na ile kavu mpaka sauti ikae ndani ya picha.

Halafu kuna jenereta yenyewe. Mistari ya yule mzee muuza samaki unayoibakiza bado ina mngurumo, na ya kijana haina, kwa hiyo mngurumo utakuwa unazimika na kuwaka kila wanapopokezana. Kata vipande vya mngurumo mtupu katikati ya maneno kwenye teki hizohizo, viunganishe kwa kuingiliana, uvilaze chini ya kila mstari mpya. Kipande kifupi kikirudiwarudiwa sikio linakigundua, basi tafuta virefu na tofauti. Kama kelele kwenye mistari ya muuza samaki ni kubwa mno, usihangaike. Rudia mazungumzo yote ya wawili hao, kisha tandika mngurumo mmoja, mdogo, toka mwanzo hadi mwisho.

Ukimaliza, fumba macho usikilize wanapopokezana. Ukisikia soko linabadilika, kosa liko kwenye tabaka la mazingira. Rekebisha hapo, sauti ya kijana usiiguse.